Mkojo unaotoka kwa kikohozi: kisa cha mama mmoja wa Kadutu, Bukavu

Nitamwita Mama Neema, ingawa si jina lake, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Ana miaka 31, anakaa Kadutu, anauza unga wa mihogo sokoni. Alifika kituo chetu cha afya akimleta mtoto wake wa tatu kwa chanjo ya wiki ya kumi. Mtoto akachomwa sindano, akanyonya, akalala, na bado mama yake hakuinuka kwenye benchi. Akangoja wenzake waondoke, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mama, niko na fistula."

Nikamuuliza kwa nini anafikiri hivyo. Akasema mkojo unamtoka bila yeye kutaka, nguo inalowa, na sasa anavaa vipande vya kitenge vilivyokunjwa anavyovifua usiku ili mume wake asivione. Kwenye kwaya ya kanisa ameacha kuimba kwa sababu wimbo wa nguvu ukianza anavuja. Na mjini kwetu, mwanamke anayevuja mkojo huwaza neno moja tu. Hospitali ya Panzi iko hapa hapa, daktari Denis Mukwege aliyeianzisha mwaka 1999 alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, na fistula imezungumzwa sana redioni na makanisani. Ni jambo jema kwamba watu wanaijua. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba mama mwenye tatizo jingine kabisa, lililo jepesi zaidi, anabeba hofu ya fistula miezi mizima bila kumwambia mtu.

"Inatokaka wakati gani?" nikamuuliza.

"Nikikohoa. Nikicheka. Nikiinua bidoni ya maji."

"Na usiku, ukilala?"

"Usiku hapana. Asubuyi naamukaka mukavu."

Majibu hayo mawili yalikuwa yamebeba karibu utambuzi wote. Katika fistula kuna tundu kati ya kibofu na uke, na tundu halina saa ya kufunga. Mkojo unatiririka mchana na usiku, mama akiwa amesimama, amekaa au amelala, na shuka linalowa. Mara nyingi fistula ya uzazi huanza siku chache baada ya uchungu uliokaa muda mrefu mno, kwa sababu nyama iliyobanwa na kichwa cha mtoto imekosa damu, ikafa, halafu ikadondoka. Mama Neema hakuwa na historia hiyo. Uchungu wake ulikwenda kawaida, ila mtoto alikuwa mkubwa, kilo 4.2, na alisukuma zaidi ya saa moja na nusu, akachanika kidogo na kushonwa. Mkojo wake unatoka kwa matone au kwa mchirizi mfupi pale tu tumbo linaposukuma kwa ghafla, kisha unakoma. Hilo ndilo linaloitwa kuvuja mkojo kwa msukumo, na karibu mama mmoja kati ya watatu huvuja mkojo kwa namna moja au nyingine katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa.

Hata hivyo sikutaka kumtuliza kwa maneno tu. Fistula ndogo inaweza kudanganya: mama anavuja kidogo kidogo na bado anakwenda haja ndogo kama kawaida, kwa hiyo anadhani kibofu ni kizima. Nilimwomba anywe maji, tukangoja mpaka ahisi kibofu kimejaa, kisha tukaingia chumba cha uchunguzi. Alipolala, nilitazama uke kwa utulivu kabla ya kumwambia lolote. Hapakuwa na mkojo uliojikusanya ndani. Nikamwambia akohoe kwa nguvu mara moja. Matone yakaruka kutoka kwenye tundu la mkojo lenyewe, sambamba na kikohozi, na kikohozi kilipoisha yakaisha. Angekuwa anavuja akiwa ametulia, au ningeona maji ndani ya uke, ningempeleka siku hiyo hiyo kwa kipimo cha dawa ya bluu, ambapo kibofu hujazwa maji yenye rangi na pamba huwekwa ukeni kuona kama itageuka rangi. Hakuhitaji.

Mambo mengine matatu niliyaangalia haraka. Mkojo ulipimwa kwa kijiti na haukuonyesha dalili ya maambukizi, naye hakuwa na homa wala kuungua wakati wa kukojoa. Baada ya kwenda chooni niligusa tumbo chini ya kitovu, na kibofu hakikuwa kimebaki kimejaa. Kuna mama ambaye kibofu kimelegea baada ya kuzaa, hawezi kukimaliza, na kinachotoka ni kile kinachofurika. Tena hakuna kitu kilichokuwa kinashuka ukeni alipojikaza.

Sasa tuje kwenye sababu, maana Mama Neema aliiuliza mwenyewe: "Kama hakuna tundu, maji inapita wapi?" Inapita mlango wake wa kawaida. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi mfupa wa mkia. Inabeba kibofu, kizazi na utumbo mkubwa, na mrija wa mkojo umelala juu yake. Ukiukanyaga mpira wa kumwagilia maji uliolala juu ya sementi, maji yanakatika. Ukiukanyaga juu ya matope, unazama tu na maji yanaendelea kupita. Kikohozi ndio huo mguu unaokanyaga. Misuli ikiwa imara, msukumo wa tumbo unaubana mrija na kuuziba. Misuli ikiwa imevutwa na kulegea baada ya kichwa cha mtoto mkubwa kupita, mrija unazama pamoja nayo na hakuna cha kuubana. Kwa mama anayenyonyesha kuna nyongeza ndogo: homoni ya kike iko chini, na nyama za eneo hilo zinakuwa nyembamba na kavu kuliko kawaida.

Hapo akaniambia jambo lililonifanya nikae tena kwenye kiti. Alisema mazoezi anayajua. Alipokuwa bado materniti aliambiwa "jikaze huko chini kila siku," na amejikaza kweli, asubuhi na jioni, tangu jeraha lilipopona. Hakuna kilichobadilika. Kwa maoni yake mwili wake ulikuwa umekataa.

Nilimwomba ajikaze mbele yangu, nikiwa nimevaa glavu na kidole kimoja kikiwa ukeni kwa ruhusa yake. Akavuta pumzi, akaizuia, tumbo likawa gumu, makalio yakainuka kutoka kitandani, na kidole changu kikasukumwa nje. Alikuwa anafanya kilekile alichofanya wakati wa kumtoa mtoto. Wiki zote hizo alikuwa anaisukuma chini misuli ambayo tunataka ipande juu.

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote katika tatizo hili, na halitokani na uzembe wa mama. Neno "jikaze" halimwambii mtu aelekee wapi. Mwanamke aliyetoka kuzaa ameambiwa "kaza, kaza" kwa saa nzima, na maana yake ilikuwa kusukuma. Ukimpa neno lilelile kwa zoezi lililo kinyume, atasukuma. Ndiyo maana mimi siku hizi silitumii. Nasema "funga na vuta juu."

Nilimweleza hivi. Lala chali, magoti yamekunjwa, tumbo na mapaja yamelegea. Fikiria hewa inataka kukutoka nyuma mbele ya watu na wewe unaizuia. Hiyo ni sehemu ya nyuma ya misuli. Sasa fikiria pia unazuia mkojo usitoke. Hiyo ni ya mbele. Zifunge zote mbili, kisha zivute ndani, kuelekea kitovu. Endelea kupumua. Kama huwezi kuongea wakati umefunga, basi umezuia pumzi. Kama makalio yanainuka au mapaja yanabanana, unasaidiwa na misuli isiyohusika. Weka mkono juu ya tumbo: sehemu ya chini kabisa inaweza kukaza kidogo, lakini tumbo lisivimbe kuja nje.

Safari ya kwanza kidole changu hakikuhisi kitu. Ya pili kilisukumwa tena. Halafu nikamwambia aache kabisa kufikiria nguvu, afunge kwa upole tu, kama robo ya uwezo wake. Hapo nikahisi mkazo mwepesi kuzunguka kidole na kuvutwa kidogo kwenda juu. Nikamwambia papo hapo, "Ndiyo hiyo." Uso wake ulibadilika, kwa sababu naye aliihisi, na alishangaa jinsi ilivyo ndogo. Alikuwa anatafuta kitu kikubwa.

Nyumbani angeweza kujihakikishia mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni kioo kidogo: akifunga vizuri, ngozi kati ya uke na njia ya haja kubwa inaingia ndani na kupanda, akisukuma, inatokeza nje. Ya pili ni kidole chake mwenyewe, kimeoshwa, ndani ya uke. Wapo wanaofundisha kukata mkojo katikati ukiwa chooni kama zoezi. Kujaribu mara moja ili kuitambua misuli si kitu, ila kufanya hivyo kila siku kunakifundisha kibofu vibaya, kinabaki na mkojo ndani, na maambukizi yanafuata.

Misuli yake iliweza kushikilia kama sekunde tatu kabla ya kuachia, kwa hiyo tukaanzia hapo, si kwenye sekunde kumi zilizoandikwa vitabuni. Funga na vuta juu, shika sekunde tatu, achia kabisa, pumzika muda huohuo au zaidi, rudia mara nane. Baada ya hapo mifungo mitano ya haraka, funga na achia. Mzunguko mmoja kama huo mara tatu kwa siku. Kuachia kabisa ni nusu ya zoezi. Misuli inayobaki imekaza nusu nusu inachoka na kikohozi kinapokuja haina kitu cha kutoa. Tulikubaliana saa za kufanya zifuate kunyonyesha, maana mtoto hasahau. Wiki mbili za kwanza amelala, kisha amekaa, kisha amesimama, kwa sababu mkojo unamtoka akiwa amesimama. Akiweza sekunde tatu mara nane bila kuchoka, aongeze moja, mpaka afike kumi.

Nguvu ya misuli inachukua muda kujengeka, na nilimwambia waziwazi kwamba asihukumu chochote kabla ya miezi mitatu. Lakini kuna mbinu moja inayotoa matunda mapema, kwa wengine ndani ya wiki moja, nayo ni ya wakati tu: funga kabla ya kikohozi. Ukihisi koo linawasha, funga na vuta juu, kohoa ukiwa umefunga, kisha achia. Vilevile kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinuka na mtoto, kabla ya bidoni. Tulifanya pale pale, na kibofu kikiwa na mkojo kidogo. Kikohozi cha kwanza bila kufunga, tone. Kikohozi cha pili akiwa amefunga, kitambaa kikabaki kikavu. Sikuhitaji kumshawishi tena kuhusu mazoezi baada ya hapo.

Kuhusu bidoni. Kwake maji ya bomba hukatika, na yeye hushuka mtelemko kwenda kuchota, kisha hupanda na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kichwani. Yeyote anayeijua Kadutu anajua hakuna njia ya tambarare pale. Kumwambia "usibebe vitu vizito" ni kumwambia asiishi. Nilichouliza ni nani mwingine nyumbani anayeweza kuchota. Kulikuwa na mdogo wa mume wake, kijana wa sekondari, na Mama Neema alisema ataongea na mume. Kwa siku ambazo hakuna mtu, tulikubaliana lita 10 mara mbili badala ya 20 mara moja, na namna ya kuinua: bidoni karibu na mwili, magoti yakunjwe, funga na vuta juu, kisha inua huku ukitoa pumzi. Kuzuia pumzi wakati wa kuinua kunapeleka msukumo wote chini.

Alikuwa pia na kikohozi kilichozidi wiki mbili. Hili huwezi kulipita kwetu. Kikohozi cha wiki mbili ni kupima kohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hata kama mtu amekuja kwa mkojo. Majibu yalikuwa safi. Anapika kwa makala ndani ya chumba kisicho na dirisha la kutosha, na alipohamishia mbabula nje kikohozi kilipungua. Kila kikohozi kisichokuja ni pigo ambalo misuli inayopona haijapigwa. Choo kigumu nacho ni hivyohivyo, na kwake kilikuwepo, kwa sababu alikuwa ameacha kunywa maji.

Hapa ndipo hofu yake ilimdhuru zaidi. Alikuwa anakunywa vikombe viwili kwa siku ili asivuje, huku ananyonyesha, na kila kabla ya kutoka nyumbani alikojoa hata kama hahisi haja. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai. Mkojo mzito hukikera kibofu, na kibofu kinachomwagwa kila saa kinazoea kudai mapema; mwanamke anajikuta na matatizo mawili badala ya moja. Nilimwomba anywe mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu, kwake yeye anayenyonyesha lita mbili au zaidi, apunguze chai nzito ya jioni, na muda kati ya kukojoa auongeze taratibu, robo saa robo saa, hadi kufika saa tatu. Kwa siku tatu aliweka alama kwenye karatasi: kila alipokwenda chooni mstari, kila alipovuja msalaba. Si lazima kujua kuandika sana kwa kazi hiyo.

Alirudi mtoto alipochanjwa chanjo ya wiki ya kumi na nne. Misalaba ilikuwa imepungua, hasa ile ya kikohozi. Ya bidoni ilikuwa karibu ileile. Nilipima tena kwa kidole: anashika sekunde sita, mwelekeo ni sahihi. Alikiri kwamba zoezi la mchana sokoni linamshinda, watu wanamuita, anasahau katikati ya kuhesabu. Tukaliacha hilo, tukaongeza moja la usiku akiwa kitandani. Mtu hafanyi ratiba iliyo nzuri kwenye karatasi, anafanya ile inayoingia katika siku yake.

Mwezi wa tatu alikuwa amerudi kwenye kwaya. Kukohoa na kucheka hakukumtoa mkojo tena, isipokuwa kibofu kikiwa kimejaa sana. Akibeba bidoni nzima ya lita 20 kupanda, bado matone mawili matatu yalimtoka. Sikumwambia amepona kabisa, kwa sababu hakuwa amepona kabisa. Tafiti zilizokusanywa pamoja kuhusu aina hii ya kuvuja zinaonyesha kwamba kati ya wanawake 100 waliofanya mazoezi haya, 56 walisema wamepona, dhidi ya 6 kati ya 100 ambao hawakuyafanya. Ni matokeo makubwa kwa kitu kisicho na bei, na pia yanaonyesha kwamba wapo wengi wanaobaki na mabaki ya tatizo.

Kwa mabaki hayo tulipanga hivi. Aendelee na mazoezi miezi mitatu mingine, kisha mara moja kwa siku ili asipoteze alichopata. Akitaka zaidi, hospitali kubwa ina mtaalamu wa kinezi anayeweza kupima misuli na kumpa mazoezi mazito, na kuna pete ya kuvaa ukeni inayoushikilia mrija wakati wa kazi nzito. Upasuaji wa kuuwekea mrija ukanda upo, lakini kwa mama anayetaka kuzaa tena kwa kawaida unasubiri, kwani mimba na kuzaa kunaweza kuharibu kilichorekebishwa. Mama Neema bado anataka mtoto mmoja. Nikamshauri aanze mazoezi mapema akishika mimba, siyo baada ya kuzaa.

Nilimpa pia dalili za kumrudisha bila kungoja miadi: mkojo ukianza kutoka usiku akiwa amelala au kutwa nzima bila kukoma, kuungua na homa, damu kwenye mkojo, kushindwa kukojoa, kitu kinachoshuka ukeni, au kinyesi au hewa kupita asipotaka. Dalili ya kwanza katika hizo inakwenda moja kwa moja Panzi, na kwa wenzetu wa Goma kwenye hospitali ya HEAL Africa, ambako fistula hushonwa. Na kama kuna msomaji aliyekwishashonwa fistula, sasa usiku ni mkavu lakini akikohoa anavuja, asidhani mshono umeachia. Mara nyingi tundu limefungwa kweli, na kilichobaki ni udhaifu wa mrija na misuli yake. Arudi kwa waliomshona wapime kwa dawa ya bluu. Tundu likiwa limeziba, mazoezi haya yanamhusu yeye pia, ingawa kwake njia ya kupona huwa ndefu zaidi kwa sababu mrija wenyewe unaweza kuwa na kovu.